Sura ya Pili ya tasnifu ya uzamili: kupanga mapitio ya maandiko hatua kwa hatua

Ndugu zangu, wengi mmeniomba somo la Sura ya Pili. Nimechukua mpangilio unaopatikana katika miongozo ya tasnifu ya vyuo vyetu vingi vya Tanzania na kuuweka kwa Kiswahili cha kawaida. Vichwa havitofautiani sana kati ya chuo na chuo: utangulizi, fasili za dhana kuu, mapitio ya nadharia, mapitio ya tafiti tangulizi, pengo la utafiti, kiunzi cha dhana, kisha muhtasari. Mwongozo unakutajia vichwa hivi, lakini haukuambii kila kimoja kinaandaa nini kwa kinachofuata. Mwanafunzi huvijaza kimoja kimoja kama fomu, na msimamizi anamrudishia sura nzima.

Tutumie mada moja mwanzo hadi mwisho: mambo yanayoathiri kaya kuhuisha uanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF iliyoboreshwa, katika Wilaya ya Korogwe. Malengo mahususi ni matatu: kupima athari ya kipato cha kaya, athari ya ubora wa huduma kituoni, na athari ya uelewa wa kaya kuhusu bima.

Hatua ya 1: Jaza jedwali kabla ya kuandika sentensi yoyote

Fungua Excel, weka safu mlalo moja kwa kila makala uliyosoma. Safu wima ziwe hizi: mwandishi na mwaka, mahali, swali la utafiti, mbinu na idadi ya watu waliohojiwa, matokeo, na udhaifu. Kisha ongeza safu ambayo wengi huiacha: makala hii inagusa lengo langu lipi? Makala isiyogusa lengo lolote itoe, hata kama ilikuchukua siku nzima kuisoma. Hiyo safu ya mwisho ndiyo itakayokupangia sura.

Hatua ya 2: Utangulizi na fasili

Utangulizi ni aya moja: sema sura ina sehemu gani na zimepangwaje. Usieleze maana ya mapitio ya maandiko, mtahini anaijua.

Kwenye fasili, usikusanye tafsiri nne za neno "bima" kutoka kamusi nne. Fasili dhana tatu au nne zinazobeba mada, na kwa kila moja malizia kwa kusema wewe utaitumiaje. "Kuhuisha uanachama" inaonekana rahisi, lakini iangalie vizuri. Mkulima wa Korogwe ambaye kadi yake imeisha Machi, akalipa tena Agosti baada ya kuuza mahindi, amehuisha au ameacha? Usipoamua hapa, utakwama Sura ya Nne wakati wa kuhesabu. Andika wazi, kwa mfano, kwamba kaya iliyolipa tena ndani ya miezi sita tangu kadi kuisha itahesabiwa imehuisha, na utoe sababu ya kuchagua miezi sita.

Hatua ya 3: Mapitio ya nadharia

Kwa kila nadharia mwongozo unataka mambo manne: nani aliianzisha na lini, inadai nini, nguvu na udhaifu wake, na inahusianaje na utafiti wako. Wanafunzi huandika mawili ya kwanza kwa kurasa tatu, la nne kwa sentensi moja. Ugeuze uwiano huo.

Kwa mada yetu, kielelezo cha Ronald Andersen cha mwaka 1968 kinafaa. Kinasema mtu hutumia huduma za afya kutokana na makundi matatu ya mambo: sifa alizonazo kabla ya kuugua, kama umri na elimu, mambo wezeshi, kama kipato na ukaribu wa kituo, na uhitaji wenyewe, yaani ugonjwa. Udhaifu unaotuhusu ni kwamba Andersen alieleza matumizi ya huduma, hakueleza ulipaji wa bima kabla ya kuugua. Usiufiche. Sema unakiazima kielelezo kwa sababu mambo wezeshi yanabeba lengo lako la kwanza, kisha ukiri kwamba ubora wa huduma, kama kaya inavyouona baada ya kutibiwa, unahitaji msaada wa nadharia nyingine. Sasa nadharia ya pili ina sababu ya kuwepo.

Hatua ya 4: Mapitio ya tafiti tangulizi

Hapa ndipo sura inaposimama au kuanguka. Kama sura yako ina kurasa 20, mimi ningeipa sehemu hii kurasa 9 au 10.

Miongozo mingi inataka uanze na tafiti za duniani, uje Afrika, umalizie Tanzania. Shida ya kuufuata mpangilio huo peke yake ni kwamba malengo yako yanatawanyika: kipato kinatajwa Ghana, kinapotea, kinaibuka tena Dodoma. Suluhisho ni kutumia lengo kama kichwa kikubwa, na ndani ya kila lengo ndipo usafiri kutoka mbali kuja karibu. Kama chuo chako kinalazimisha vichwa vya kijiografia, vibakize, ila ndani ya kila kimoja fuata malengo yako kwa utaratibu uleule.

Sasa uandishi wenyewe. Katika mifano hii nimeweka herufi badala ya majina, na matokeo ni ya kubuni, ili uone umbo tu. Hivi ndivyo tulivyozoea:

"A alifanya utafiti Ghana akagundua kipato kinaathiri uanachama. B alifanya utafiti Kenya akagundua kipato kinaathiri uanachama. C alifanya utafiti Tanzania akagundua kipato hakiathiri."

Hiyo ni orodha. Msomaji anabaki anajiuliza kwa nini C amepata tofauti, na mwandishi amenyamaza. Linganisha na hii:

"A na B wanakubaliana kwamba kaya zenye kipato kikubwa hujiunga zaidi. C hakuuona uhusiano huo. Tofauti inaweza kutokana na upimaji: A na B walitumia mali za kaya, ilhali C aliuliza kipato cha mwezi, kipimo kisichomfaa mkulima anayepata fedha kwa msimu. Zaidi ya hayo, wote watatu walipima kujiunga, hakuna aliyefuatilia kama kaya ililipa tena mwaka wa pili. Kwa sababu hiyo utafiti huu utapima kipato kwa msimu, na utahusisha kaya zilizowahi kuwa wanachama."

Aya ya pili imefanya kazi nne: imeonyesha wanaokubaliana, anayepinga, sababu ya kupingana, na wewe utafanya nini. Ukitaka kujikagua, soma neno la kwanza la kila aya. Kama aya sita mfululizo zinaanza na jina la mtu, bado unaorodhesha.

Hatua ya 5: Pengo la utafiti

"Hakuna utafiti uliofanyika Korogwe" si pengo linalotosha. Tanzania ina wilaya nyingi, na kila moja ingedai tasnifu yake. Mtahini atakuuliza: Korogwe ina nini cha kufanya matokeo yawe tofauti na ya Lushoto?

Mada yetu ina pengo halisi la wakati. CHF ilianza Igunga mwaka 1996 kama majaribio, ikapata sheria yake mwaka 2001. Kila halmashauri ilijipangia kiwango cha mchango, na kwa kawaida mwanachama alitibiwa kwenye kituo alichojiandikisha. Mwaka 2018 mfumo ulioboreshwa ukaenezwa nchini: kwa kawaida kaya ya hadi watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, fedha zilikusanywa kwa ngazi ya mkoa, na rufaa ilifika hadi hospitali ya mkoa. Kwa hiyo matokeo ya mwaka 2010 kuhusu ubora wa huduma yanazungumzia bidhaa nyingine kabisa. Ila kuwa makini: Dodoma ilikuwa na mfumo ulioboreshwa kama mradi kabla ya 2018, hivyo mwaka wa makala peke yake hautoshi, angalia waandishi walichunguza mfumo upi.

Pengo liandikwe kwa aya moja au mbili, na kila dai lake liwe limeshaonekana Hatua ya 4. Likitokea jambo jipya hapa, rudi nyuma ulipandikize kule kwanza.

Hatua ya 6: Kiunzi cha dhana na muhtasari

Chora vigeu huru vitatu kushoto (kipato, ubora wa huduma, uelewa) na kigeu tegemezi kulia (kuhuisha uanachama). Chini ya mchoro, eleza kila mshale umetoka kwenye nadharia ipi au utafiti upi, na kila kigeu kitapimwa kwa nini. Ubora wa huduma, kwa mfano, kwa upatikanaji wa dawa siku ya mwisho kaya ilipokwenda kituoni. Kigeu kisichotajwa popote nyuma kitoe kwenye mchoro. Muhtasari ni nusu ukurasa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Msimamizi wangu anataka nadharia tatu, mimi naona moja inatosha. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Weka malengo yako kwenye karatasi, na mbele ya kila moja andika nadharia inayolieleza. Kama moja inayabeba yote, mwonyeshe karatasi hiyo. Hoja ikiwa imeandikwa husikilizwa zaidi. Ukikuta lengo limebaki peke yake, basi msimamizi ana haki.

Swali: Tumeambiwa tusitumie maandiko ya zaidi ya miaka kumi. Andersen wa 1968 si atakataliwa?

Jibu: Hapana, dada. Sharti hilo kwa kawaida linalenga tafiti tangulizi. Nadharia hunukuliwa kwa chanzo chake cha kwanza. Ongeza tu tafiti mbili tatu za karibuni zilizoitumia, ili ionekane bado inafanya kazi.

Swali: Kaka, utafiti wangu ni wa mahojiano ya kina, sina vigeu. Kiunzi cha dhana nikiache?

Jibu: Usikiache bila ruhusa, maana mwongozo unakitaja. Badala ya vigeu, weka dhana utakazochunguza na uhusiano unaoutarajia, na useme kwamba mchoro unaweza kubadilika baada ya data. Usiandike "huru" na "tegemezi", kwa sababu mtahini atakuuliza umepima vipi.

Swali: Makala niliyoihitaji sikuipata, ila nimeiona imenukuliwa kwenye makala nyingine. Naweza kumtaja yule wa kwanza moja kwa moja?

Jibu: Usifanye hivyo. Andika jina la wa kwanza, kisha "kama alivyonukuliwa katika" na jina la uliyemsoma. Kwenye marejeo aingie yule uliyemsoma tu. Kabla ya hapo, mwandikie mkutubi wa chuo. Mara nyingi anaipata ndani ya siku mbili. Nasisitiza kwa sababu nimekuta aliyenukuu akigeuza matokeo, "hakuna uhusiano" ikawa "kuna uhusiano", na wanafunzi watatu wakalirithi kosa hilo.

Swali: Nimeshaandika kurasa 30 za "A alifanya, B alifanya". Nianze upya?

Jibu: Usifute kitu. Kila aya uliyonayo igeuze kuwa safu mlalo moja kwenye jedwali la Hatua ya 1, kisha panga jedwali kwa safu ya malengo. Makala za lengo moja zitakaa pamoja, na utaanza kuziona zinazopingana. Anza kuandika na hizo zinazopingana.