Kuchanganya PVC ya mpira wa maji: mafuta, chaki na stebilaiza

Mkulima mmoja wa Molo aliturudishia roli la mpira wa maji Julai iliyopita. Kila mahali alipolikunja palibaki mstari mweupe, na mistari miwili ilikuwa imeanza kuvuja. "Fundi," akaniambia, "asubuhi huu mpira ni kijiti, hauzunguki hata bomba." Niliangalia nambari ya mchanganyiko, nikakumbuka: wiki ile tulipandisha chaki kutoka sehemu 20 hadi 60 ili kupunguza gharama. Mwongozo huu unaeleza jinsi ninavyochanganya sasa hapa Nakuru, na hesabu iliyonionyesha kwamba akiba ile ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani.

Hatua ya 1: Pima kwa resini

Kwenye PVC kila kitu huhesabiwa kwa sehemu 100 za resini. Kwa mpira wa maji mimi hutumia resini ya K67 hadi K70, kwani punje zake zina vitundu vya kunyonya mafuta. Mfuko mmoja wa kilo 25 unaniandalia hivi:

- resini kilo 25 (sehemu 100)
- mafuta ya DOTP kilo 13.75 (sehemu 55)
- mafuta ya soya yaliyotiwa epoksi gramu 750 (sehemu 3)
- stebilaiza ya kalsiamu na zinki gramu 625 (sehemu 2.5)
- chaki laini iliyopakwa asidi ya stearik kilo 5 (sehemu 20)
- asidi ya stearik gramu 75 (sehemu 0.3)

Jumla ni kama kilo 45. Mpira huu ukipoa huwa na ugumu wa karibu 80 kwenye durometa ya Shore A.

Hatua ya 2: Chagua kiasi cha mafuta kwa baridi ya mteja

PVC tupu ni ngumu kama bomba la maji taka, na hulainika tu ikifika karibu nyuzi joto 80. Mafuta huingia katikati ya nyuzi ndefu za plastiki na kuziachanisha, kwa hiyo kiwango hicho cha kulainika hushuka chini ya joto la kawaida. Kadiri unavyoongeza mafuta ndivyo mpira unavyovumilia baridi, lakini pia unakuwa dhaifu na kulegea ukipata joto. Mpira unaopinda vizuri Molo alfajiri unaweza kuvimba Kisumu saa saba mchana ukiwa umejaa maji yenye shinikizo. Sehemu 55 ndizo nilizoona zinahudumia miji yote miwili. Mteja wa Kisumu peke yake ningempa 50.

Ukihama kutoka mafuta ya DOP kwenda DOTP, ongeza mafuta kidogo, kama asilimia 3, kwa sababu DOTP hulainisha kwa nguvu pungufu kidogo. Mafuta ya parafini yenye klorini ni ya bei nafuu na watu huyatia ili kuokoa, lakini hayakubaliani na PVC vizuri. Yakizidi, roli huanza kutoa jasho na kunasa vumbi.

Hatua ya 3: Mimina kwa mpangilio

Hapa ndipo michanganyiko mingi huharibika. Tia resini, stebilaiza na asidi ya stearik kwenye mikisa ya kasi, uiwashe. Joto likifika nyuzi 60 hadi 70, mimina mafuta polepole yakiwa ya uvuguvugu. Unga utaonekana kama uji mzito kwa muda, usiogope. Kwenye nyuzi 85 hadi 90 unarudi kuwa mkavu, maana mafuta yameingia ndani ya punje. Hapo ndipo unatia chaki. Ukiitia mapema, chaki itanywa mafuta ambayo resini inayahitaji, na punje zisizonywa zitatokea kwenye mpira kama vivimbe vidogo vinavyong'aa ukiushika dhidi ya mwanga.

Jaribio langu ni hili: nikichukua unga kiganjani, naukandamiza ndani ya karatasi ya choo na kuhesabu hadi 20. Karatasi ikibaki na doa la mafuta, unga haujawa tayari. Ukiwa tayari, utoe kwenye nyuzi 105 hadi 110, uuingize kwenye mikisa ya kupoza mpaka ushuke chini ya 45. Ukimwagwa ukiwa moto kwenye gunia, utaganda kuwa mabonge.

Hatua ya 4: Hesabu chaki kwa mita, usihesabu kwa kilo

Resini ina uzito wa gramu 1.40 kwa sentimita ya ujazo, DOTP 0.98, chaki 2.7. Kwa hiyo chaki inapunguza bei ya kilo lakini pia inafanya kila mita iwe nzito, na mteja hununua mita.

Nitumie bei za mfano tu ili uone njia: resini 150, DOTP 220, mafuta ya soya 250, stebilaiza 450, chaki 30, zote shilingi kwa kilo. Mchanganyiko wa chaki 20 unatoka kama shilingi 164 kwa kilo, na wa chaki 60 kama 139. Inaonekana umeokoa asilimia 15. Sasa chukua roli la mita 50, tundu milimita 12.5, nje milimita 17. Linahitaji plastiki lita 5.2. La chaki 20 lina uzito wa kilo 6.7, la chaki 60 kilo 7.4. Gharama zake ni shilingi 1,098 na 1,033. Akiba ya kweli ni shilingi 65, karibu asilimia 6, na kwa ajili yake nilipata mistari ile meupe. Ukipinda mpira wenye chaki nyingi, punje huachana na plastiki, vitundu vidogo hufunguka na kuonekana vyeupe, na mpasuko huanzia hapo. Baridi huongeza tatizo.

Sikatai chaki. Sehemu 20 hadi 25 husaidia mpira kushika umbo unapotoka kwenye dai, yaani mdomo wa mashine unaoupa umbo, na unapoa haraka. Hakikisha tu ni laini na kavu: ile ya mawe makubwa husugua skrubu, na yenye unyevu huacha viputo.

Hatua ya 5: Stebilaiza na joto la mashine

PVC isiyo na stebilaiza, ikipata joto la kufanyia kazi, huanza kutoa asidi ya HCl, na asidi hiyo huchochea itoke nyingine. Rangi huwa njano, kisha kahawia, kisha nyeusi. Zinki huzuia umanjano wa mwanzo, lakini kloridi ya zinki inayotengenezeka ikirundikana hugeuka kuwa kichocheo cha kuunguza. Kalsiamu huichukua hiyo klorini, na mafuta ya soya hukamata asidi. Ndiyo maana mchanganyiko wa kalsiamu na zinki ukiishiwa nguvu hugeuka mweusi ghafla.

Kabla ya kuanza roli, pasha vipande vya mpira kwenye oveni yenye kipimajoto kwa nyuzi 180, dirisha likiwa wazi, na utoe kimoja kila dakika 10. Panga vipande kwa mfuatano na uandike dakika vilipoanza kubadilika. Mchanganyiko mpya ukibadilika mapema kuliko uliozoea, usiutumie.

Kwenye ekstruda, mashine inayosukuma mpira utoke, mimi hutumia nyuzi 140 nyuma, 150, 160, na 165 kwenye dai. Mashine ikisimama kwa muda, PVC iliyobaki ndani itaungua, kwa hiyo kabla ya kuzima pitisha polithini hadi itoke safi. Ukiona mistari ya kahawia, usiongeze stebilaiza kwanza. Punguza joto na safisha dai, kwani mara nyingi ni plastiki iliyokwama kwenye kona. Stebilaiza ikizidi, vilainishi vilivyomo hufanya skrubu iteleze, na unene wa mpira hupanda na kushuka kila baada ya mita chache.