Kabla hujanunua uzi wa sweta kwa kuhesabu vitanzi pichani

Mfumaji yuko mbali, duka la uzi liko karibu na wewe, basi anakutumia picha ya kipande cha majaribio chenye rula kando yake, nawe upige hesabu ya uzi wa kununua. Inawezekana. Mimi hununua Kariakoo, shangazi yangu hufuma Njombe, na tumeshafanya hivyo mara nyingi. Ila kuna mambo ya kudai kabla hujatoa hela mfukoni.

Kipande kiwe kikubwa, sentimita 15 kwa 15 hivi. Kiwe kimefumwa kwa uzi uleule na sindano zilezile. Kifuliwe na kikauke kikiwa kimelazwa, maana sweta nalo litafuliwa. Picha itumwe kama hati, isitumwe kama picha ya kawaida, la sivyo WhatsApp itaipunguza na vitanzi vitakuwa ukungu mtupu.

Kuhesabu kwenyewe si kazi. Upande wa mbele kila kitanzi kinaonekana kama herufi V. Kuza picha, acha vitanzi vitatu vya ukingoni kwa sababu hujikunja, kisha hesabu vyote vilivyo ndani ya sentimita 10 za rula. Usihesabu sentimita 2 halafu uzidishe mara tano, kwa sababu nusu kitanzi uliyoikosea nayo itazidishwa. Ikiangukia nusu, andika nusu. Halafu hesabu mistari kwa kwenda juu, vilevile sentimita 10.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme umepata vitanzi 22 kwa upana na mistari 30 kwa urefu. Hapo kila sentimita 10 kwa 10 ina vitanzi 660. Sweta la mtoto wa miaka minane tulilolifuma sisi lina mbele na nyuma za sentimita 36 kwa 42, na mikono miwili yenye urefu wa 34 na upana wa wastani wa 24. Jumla ni sentimita za mraba 4,656, yaani vitanzi kama 30,700. Bado hujui kitanzi kimoja kinakula uzi kiasi gani, na picha haiwezi kukuambia. Mfumaji atie alama ya kalamu kwenye uzi, afume vitanzi 20, atie alama nyingine, afumue na apime. Shangazi alipata sentimita 36, maana yake kila kitanzi ni sentimita 1.8. Zidisha, utapata mita 553. Donge letu la gramu 50 lina mita 120 kwa mujibu wa lebo yake, kwa hiyo sweta moja linakula madonge 4.6. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kushonea, kola na mikia ya uzi inayokatwa.

Hivyo ndivyo nilivyopaswa kufanya. Nilichofanya ni hiki.

Tulikuwa na oda ya masweta manane ya shule, kijani cha chupa. Shangazi akatuma picha nzuri kabisa, imepigwa kutoka juu, rula imenyooka, kila V inaonekana. Nikahesabu 19 kwa 26. Nikarudia, nikapata 19 kwa 26. Hesabu ikasema sweta moja mita 414, na ukiongeza akiba yake linatosha kwa madonge manne. Nikanunua 32, nikayapakia kwenye basi, nikajiona mtaalamu.

Wiki kadhaa baadaye simu ikaita. "Mwanangu, uzi umeisha." Sweta la saba lilikosa kola na la nane halikuwa limeanzwa. Nilirudi dukani nikakuta rangi ileile, lakini namba ya loti kwenye lebo, yaani ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja, ilikuwa nyingine. Chini ya taa za duka sikuona tofauti yoyote. Shangazi aliuanika kwenye jua la Njombe pamoja na masalio ya uzi wa zamani, akaiona hapohapo: mmoja ulikuwa umepauka kidogo. Ilibidi alifumue la saba, kisha afume yote mawili kwa kubadilisha, mistari miwili ya uzi wa zamani na miwili ya uzi mpya, ili tofauti ipotee. Ilipotea, ila ukisogea karibu unaiona michirizi. Siku zake zilizopotea sikuwahi kuzilipa.

Nilipokwenda Njombe nikachukua kile kipande, nikalaza rula juu yake. Vitanzi 22, mistari 30. Nilidhani nimechanganya vipande, hadi nilipoifungua tena ile picha na kuitazama pembeni. Shangazi alikuwa amelaza kipande juu ya blanketi lililokunjwa, "ili kipendeze", na rula ilikuwa chini kwenye meza. Kipande kilikuwa sentimita 3 hivi juu ya rula, na simu aliishika karibu, kama sentimita 25 kutoka mezani. Kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa. Kwa hiyo vitanzi vilinenepa pichani na rula haikunenepa nayo. Sentimita 10 za rula zilifunika sentimita 8.8 tu za kitambaa. Na kwa kuwa kosa linaingia kwenye upana na linaingia tena kwenye urefu, nilipoteza karibu robo ya uzi. Ingekuwa kinyume chake, rula juu na kipande chini, ningenunua uzi wa kupitiliza na kulalamika kidogo tu.

Kwa hiyo siku hizi sipokei picha ambayo rula iko kando. Rula au futikamba ilale juu ya kitambaa chenyewe, kitambaa kiwe mezani, mpigaji asogee mbali kidogo kisha akuze. Ziwekwe mbili, moja juu na nyingine chini ya kipande. Sentimita 10 za rula moja zikionekana ndefu kuliko za nyingine, simu ilikuwa imeinama, apige upya. Asiye na rula aweke kadi ya benki, upana wake ni milimita 85.6.

Na lazima anipe uzito. Hili ndilo lingeniokoa. Kipande cha 15 kwa 15, kwa hesabu sahihi, kina uzi wa karibu mita 27, ambazo ni gramu 11. Kwa hesabu yangu mbovu kingekuwa na gramu 8 tu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja ingeniumbua kabla sijapanda daladala. Tena ukiwa na uzito na vipimo vya futikamba unaweza kupita njia ya mkato: gawa gramu kwa eneo la kipande, zidisha kwa eneo la sweta. Yakija majibu mawili yasiyofanana, usinunue, piga simu.

Mambo mengine ni madogo. Hesabu hii ni ya ufumaji wa kawaida. Sweta lenye misuko hula zaidi, basi kipande kiwe na misuko hiyohiyo. Pindo la kuvutika lihesabiwe likiwa limelegea. Uzi wa dukani soma mita, usisome gramu peke yake, kwa sababu madonge mawili ya gramu 50 yanaweza kupishana urefu. Madonge yote yawe na loti moja, uangalie lebo moja baada ya nyingine hata muuzaji akinuna. Mwombe akuwekee mawili ya ziada kwa wiki chache, na risiti usiitupe.