Kabla ya kufunga swichi ya pili: saketi ya kapasita mbili

Chukua chanzo cha volti 12, rezista R ya kiloohmu 100, na kapasita C1 ya mikrofaradi 100. Ukifunga swichi ya kwanza, S1, C1 inaanza kujaa kupitia R. Sekunde 10 zikipita, unafunga swichi ya pili, S2, inayounga kapasita C2 ya mikrofaradi 220 sambamba na C1. Thabiti ya muda ilikuwa R × C1, yaani sekunde 10. Sasa ni R × (C1 + C2), yaani sekunde 32. Hesabu hiyo haimshindi mtu. Wengi hupotea kwingine: wanajua vizuri kwamba thabiti imebadilika, lakini hawajui volti zinaanzia wapi baada ya kubadilika.

Kwa hiyo kabla hujagusa waya, chora saketi mara mbili. Mchoro wa kwanza uwe wa S2 ikiwa wazi, wa pili uwe wa S2 ikiwa imefungwa. Katika kila mchoro jiulize: chaji inapita rezista ipi, na inaingia kapasita zipi? Mchoro mmoja wenye swichi zote mbili unadanganya jicho, kwa sababu C2 inaonekana iko kazini tangu mwanzo wakati imekaa pembeni tu ikisubiri.

Jambo la pili ni hali ya C2 kabla haijaungwa. Mahesabu yetu yanaichukulia kuwa tupu, na ni juu yako kuifanya iwe tupu kweli. Unganisha rezista ya kiloohmu 1 kati ya miguu yake na uiache hapo nusu dakika au zaidi. Kugusisha miguu kwa bisibisi mara moja hakutoshi. Kapasita za elektroliti zina tabia ya kurudisha volti kidogo zenyewe baada ya kutolewa chaji haraka, kama sifongo iliyokamuliwa ambayo bado ina maji ndani. Pia angalia mguu wa hasi uko upande gani, maana kapasita hizi zikigeuzwa huharibika, na nyingine hupasuka.

Sasa tufike penye uzito. Sekunde 10 baada ya kufunga S1, muda sawasawa na thabiti ya kwanza, C1 imefika asilimia 63.2 ya volti 12, yaani volti 7.59 hivi. Chaji iliyomo ni mikrokulombi 759 kwa makadirio. Ukifunga S2, chaji hiyo inagawanywa kati ya C1 na C2 kwa kufumba na kufumbua, kabla rezista haijaweza kuongeza chochote cha maana. Gawanya 759 kwa jumla ya mikrofaradi 320, unapata volti 2.37. Ndiyo: volti zinaanguka kutoka 7.59 hadi 2.37 bila betri kuguswa. Mwanafunzi aliyezoea kusikia kwamba volti za kapasita haziruki hushtuka hapa. Kanuni hiyo inasimama pale mkondo unapokuwa na kizuizi. Hapa kapasita mbili zimeungwa ana kwa ana, kwa hiyo kinachobaki vilevile ni chaji yote kwa pamoja, si volti. Nishati nayo haibaki: karibu asilimia 69 inapotea kama joto katika waya na ndani ya kapasita zenyewe, na cheche kidogo kwenye swichi.

Kwa ajili ya cheche hiyo mimi hupenda kuweka rezista ndogo ya ohmu 100 kati ya S2 na C2. Mgawanyo wa chaji unakamilika ndani ya milisekunde 35 hivi, volti 2.37 haziguswi, na swichi inadumu. Cha kushangaza ni kwamba nishati inayopotea ni ileile, tofauti ni kwamba sasa inapotelea kwenye rezista.

Kuanzia hapo saa inaanza upya. Hesabu t kutoka wakati wa kufunga S2, na uandike:

```
v = 12 - 9.63 * e^(-t/32)
```

Hiyo 9.63 ni pengo lililobaki kati ya volti 2.37 na 12. Lizingatie sana, kwa sababu kosa la jaribio hili limejificha hapo. Mtu anapotaka kupima thabiti ya pili husubiri volti zifike asilimia 63.2 ya 12, yaani 7.59, kama alivyofanya awali. Volti hizo hufikiwa baada ya sekunde 25 hivi. Anagawanya kwa R, anapata mikrofaradi 250 badala ya 320, kisha anailaumu C2 kuwa mbovu. Kapasita haina hatia. Asilimia 63.2 huhesabiwa juu ya pengo, si juu ya volti za chanzo. Chukua 0.632 × 9.63, ongeza 2.37, unapata volti 8.46, nazo ndizo zinazofikiwa kwa sekunde 32. Andika namba hiyo kwenye karatasi kabla ya kuanza, uiweke mbele yako.

Multimita nayo ina lake. Nyingi za kidijitali zina ukinzani wa ndani wa megaohmu 10. Ikiwa imeungwa muda wote, volti za mwisho zitaishia karibu na 11.88 badala ya 12. Kapasita ya elektroliti iliyokaa muda mrefu bila kutumika huvujisha chaji, na kila mikroampea 1 inayovuja inapunguza volti 0.1 kwenye rezista ya kiloohmu 100. Basi ziache kapasita zote mbili kwenye volti 12 kwa dakika kadhaa siku ya jaribio, kisha uzitoe chaji ndipo uanze. Ukiona volti za mwisho zimegoma kwenye 11.5, usiendelee kupima muda. Shughulikia uvujaji kwanza.

Kusoma skrini na saa kwa pamoja kwa macho ni kazi ya kubahatisha. Weka simu irekodi video ya multimita na saa ya kupimia muda katika picha moja. Namba ya kwanza inayotokea mara tu baada ya kufunga S2 iache, kwa kuwa multimita huenda imechanganya volti za kabla na za baada. Inayofuata itakuwa juu kidogo ya 2.37, kwani mwanzoni volti hupanda karibu 0.3 kila sekunde.

Mwisho, pima kapasita zenyewe kama multimita yako ina sehemu hiyo. Elektroliti nyingi huuzwa kwa uvumilivu wa asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo sekunde 32 zilizoandikwa kwenye karatasi zinaweza kuwa popote kati ya 25.6 na 38.4. Tazama namba ya chini: iko jirani kabisa na zile sekunde 25 za kosa. Asiyepima kapasita zake atapata 25, atasema ni uvumilivu wa kiwandani, na kosa lake la asilimia 63.2 litapita bila kuonekana.