Alama ya kutoa katika picha ya milinganyo

Kabla ya kukokotoa milinganyo iliyopigwa picha, inakili kwanza kwa mkono, kwa sababu alama ya kutoa iliyofifia husomeka kwa urahisi kama ya kujumlisha. Tuseme umenakili:

```
3x + 2y = 18
3x − y = 9
```

Kwa kuwa 3x imo kote, toa mlinganyo wa pili kutoka wa kwanza, nayo x itaondoka. Hapa ndipo anayeanza hukosea: 2y − (−y) ni 3y, wala si y, kwa maana kutoa hasi ni kujumlisha. Kwa hiyo 3y = 9, na y = 3; ukiiweka katika mlinganyo wa pili, 3x = 12, yaani x = 4. Hakiki kwa mlinganyo wa kwanza: 12 + 6 = 18. Uhakiki huo, hata hivyo, haufichui alama iliyonakiliwa vibaya, hivyo linganisha tena na picha.