SOMO: Kusoma chapa iliyo chini ya sahani na bakuli la kizamani

Kila mara naletewa picha ya sahani na maswali yale yale: ya mwaka gani, na nitapata ngapi? Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

1. Ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, kisha ikaushe.

2. Tazama kama ni kauri kweli. Weka tochi ya simu nyuma ya ukingo na kidole katikati. Kauri nyembamba hupitisha mwanga, kivuli cha kidole ukakiona. Mabakuli mengi ya maua tunayoyaona kwenye zidaka za Lamu hayapitishi kitu: ni udongo mweupe wa viwanda vya Ulaya uliopakwa utando wa kioo. Palipomeguka, tia tone la maji. Udongo hulinywa, kauri hailinywi.

3. Piga picha ya chapa mwanga ukitokea ubavuni, na unakili kila herufi.

4. Sasa mwaka, na hapa ndipo watu wanapoumia. Mwaka ulioandikwa kwenye chapa mara nyingi ni wa kuanzishwa kampuni, si wa kutengenezwa chombo. Sahani yenye "Villeroy & Boch 1748" yaweza kuwa imetoka dukani juzi. Jirani yangu alilipa bei ya kitu cha kale kwa sahani ya namna hiyo.

Usiutegemee mwaka, tegemea maneno. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1890 kwamba bidhaa za nje zionyeshe nchi zilikotoka, kwa hiyo "England" peke yake kwa kawaida ni kuanzia 1891, na "Made in England" kwa kawaida ni karne ya 20. Lakini usigeuze hoja: chombo kisicho na jina la nchi si lazima kiwe cha kabla ya 1891, maana mizigo ya kuja pwani yetu haikubanwa na sheria ya Marekani.

Mfano ni bakuli nililoletewa kutoka mtaa wa Langoni. Chini lina simba, na maneno "Société Céramique Maestricht, Made in Holland". Kampuni hiyo ya Maastricht, Uholanzi, ilipata jina hilo mwaka 1863, ikaungana na jirani yake Sphinx mwaka 1958. "Made in Holland" inatupeleka karne ya 20. Basi ni la karne ya 20, kabla ya 1958 au karibu na hapo. Mwenyewe aliambiwa ni la zama za Sultani Barghash, aliyefariki 1888. Hapana.

5. Thamani. Ligonge kidogo kwa ukucha: zima hulia, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ufa mwembamba kama unywele hushusha bei sana. Halafu tazama bei ambazo vitu vya aina hiyo *vimeuzwa*, si bei ambazo watu wameviwekea.

MASWALI

Mwana wa Shela: Yangu imeandikwa 1748. Shilingi ngapi?

Mwandishi: Soma hatua ya 4.

Mwana wa Shela: Si ungejibu tu?

Mwandishi: Nimeshajibu. Tuma picha ya chapa yote, si ya ua la mbele.

Binti Malindi: Shikamoo mwalimu. Kikombe cha bibi kina herufi za Kichina sita, mtu amenisomea kuwa ni jina la mfalme. Hilo latosha?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Halitoshi, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuuza. Wafinyanzi wa China waliandika majina ya wafalme waliokwisha kupita kwa kuwaenzi, na wengine kwa kughushi. Kwa kauri ya China, chapa ndiyo shahidi wa kuulizwa mwisho, baada ya wengine wote. Anza na duara la kukalia, pale pasipo utando: angalia rangi ya udongo, na kama pamechakaa. Mchakao wa kweli huwa hauko sawa, maana chombo huvutwa huku na huku miaka mingi. Wa msasa huwa sawasawa pande zote.

Baharia: Kuna vipande vya kauri vimebanduka kwenye kaburi la mnara, Mambrui. Vina soko?

Mwandishi: Vya kaburini haviuzwi. Virudishwe kwa watu wa makumbusho. Na hata cha nyumbani kwako, kama kilitengenezwa au kuingia Kenya kabla ya 1895, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale, na hakitoki nchini bila kibali.

Mama Zidaka: Langu lina madoa ya kahawia ndani ya nyufa za utando. Niloweke kwa Jik?

Mwandishi: Usithubutu, dada. Jik hupenya kwenye udongo, ikikauka huacha chumvi, na chumvi ikikua huubandua utando kutoka ndani. Loweka kwa maji safi tu, uyabadilishe kila siku mpaka yasigeuke rangi, kisha lianike kivulini hadi likauke kabisa kabla ya kulirudisha ukutani.