Kumwazima mtu simu bila kumwachia simu nzima: jinsi ya kubandika programu moja kwenye skrini

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hapa Ngamiani simu yenye bando huzunguka mtaa mzima. Mtoto wa jirani anabisha hodi: "Shikamoo mama, naomba simu nitazame matokeo." Unampa, ndiyo, lakini humo ndani mna picha zako, meseji zako na meseji za pesa. Simu za Android zina kitu cha kuzuia hayo tangu toleo la 5 la mwaka 2014: unabandika programu moja kwenye skrini, na anayeazima anabaki humo humo. Kazi yangu ni kutengeneza simu, na wengi ninaowakuta wanakijua kitu hiki wamekiwasha nusu. Basi tuende taratibu.

Hatua ya 1: Washa, na usiishie hapo. Kwanza simu iwe na kufuli la skrini: namba ya siri, mchoro au nenosiri. Kisha fungua mipangilio, ingia sehemu ya usalama, tafuta `App pinning`. Kwenye simu za zamani imeandikwa `Screen pinning`, kwenye baadhi ya Samsung ni `Pin app`. Usipoiona, andika `pin` kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio. Ukishaiwasha, chini yake kuna swichi ya pili, `Ask for PIN before unpinning`. Kama kufuli lako ni la mchoro, itataja mchoro. Hii ndiyo hasa inayokulinda. Sababu ni kwamba mtu akijaribu kutoka, simu yenyewe humwandikia kwenye skrini namna ya kubandua. Bila swichi ya pili, atafuata maelezo hayo na kuingia kokote anakotaka. Ikiwa imewashwa, akibandua simu inajifunga papo hapo, na hapiti bila namba yako au kidole chako.

Hatua ya 2: Chagua programu ya kumpa. Hapa ndipo penye kufikiri, kwa sababu kinachobandikwa ni programu nzima, si ukurasa mmoja. Ukimbandikia Chrome yako ya kila siku, kurasa ulizoacha wazi, historia yako na nywila ulizohifadhi vyote vimo humo. Dirisha fiche nalo halitoshi, maana kutoka hapo anaweza kurudi kwenye kurasa zako za kawaida. Ushauri wangu ni kuweka kivinjari cha pili, Firefox kwa mfano, ambacho hujawahi kuingiza akaunti yoyote. Hicho kiwe cha wageni.

Hatua ya 3: Bandika. Kwa yule binti wa matokeo, fungua kivinjari cha wageni, andika `necta.go.tz` mwenyewe, ngoja ukurasa utokee. Halafu fungua orodha ya programu zilizofunguliwa: pandisha kidole kutoka chini ya skrini na ukishikilie kidogo, au bonyeza kitufe cha orodha kama simu yako ina vitufe vitatu. Gusa ikoni ndogo iliyo juu ya kadi ya kivinjari, uchague `Pin`. Kabla hujamkabidhi, jaribu kurudi mwanzo wa simu. Ikigoma na kuleta maelezo ya kubandua, imeshika. Ikikuachia, haikubandikwa, rudia.

Muda wote huo arifa hazionekani, kwa hiyo meseji ya muamala ikiingia haitamchungulia binti wa watu. Utaikuta baadaye.

Hatua ya 4: Jua inapovuja. Programu iliyobandikwa inaweza kufungua nyingine ndani yake, na simu hukuonya hivyo wakati wa kubandika. Akigusa faili au kitufe cha kushiriki, huenda akatokea mahali usipopataka, basi kaa jirani. Na aliyekuja kuomba kupiga simu, usimbandikie programu ya kupigia: majina yote na simu ulizopiga vimo humo. Muulize namba, piga wewe, umpe ikishaita. Picha vilevile, akitelezesha kidole tu anaona inayofuata.

Hatua ya 5: Bandua. Akirudisha, pandisha kidole kutoka chini na ushikilie. Kwa vitufe vitatu, shikilia cha kurudi nyuma na cha orodha kwa pamoja. Simu itajifunga, ifungue. Kisha futa historia na vidakuzi, yaani `cookies`, vya kivinjari cha wageni, kwa sababu binti huyo naye, kama aliingia kwenye barua pepe yake kutuma maombi ya chuo, akaunti yake bado imo kwenye simu yako.