Jinsi ya kupanga taka za soko la ndizi na mboga: kuanzia kuhesabu toroli mpaka nani analipa

Nimetoka kusaidia kamati ya soko moja hapa Dar kuandaa mpango wao wa taka, na kuna wengine wawili wameshaniomba niwaelekeze, kwa hiyo naandika yote hapa mkae nayo. Naongelea soko la wazi la jumla na rejareja, lile ambalo fuso zinaingia usiku na ndizi, matikiti, kabeji na nyanya, halafu mchana kina mama wanauza kwa mafungu. Bei na hesabu ninazoweka ni za mfano wa soko la vizimba 300, weka zako ila njia ifuate hiyohiyo.

Hatua ya 1: Jua taka ni kiasi gani, na hapa usiwe na haraka

Mipango mingi inaanza na swali "tununue mapipa mangapi", wakati hakuna anayejua kwa siku zinatoka taka kiasi gani. Ukimuuliza mwenyekiti wa soko anakwambia "kontena mbili, tatu hivi", ukimuuliza mkandarasi anakwambia nne kwa sababu analipwa kwa tripu. Hesabu lazima uifanye mwenyewe, kwa siku saba mfululizo, jumamosi na jumapili zikiwemo.

Kipimo changu ni toroli. Watu wanapenda kuanza na mizani ya kilo, mimi sikushauri, kwa sababu kontena la soko la ndizi linajaa kwa ukubwa wa taka kabla halijajaa kwa uzito. Majani makavu ya migomba na vigogo vya mikungu vimejaa hewa tupu katikati. Chukua toroli zile zile ambazo wafagiaji wanazitumia kila siku, hakikisha zinajazwa usawa mmoja, halafu weka mtu mmoja na daftari kwenye ghuba, pale taka zote zinapomwagwa kwenye kontena, kila toroli ikimwagwa anachora mstari na anaandika saa. Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, nitairudia kwenye ratiba.

Sasa angalieni mambo yanayoharibu hii hesabu. Kwanza, usitumie ukubwa ulioandikwa kwenye kontena. Taka zikimwagwa zinashuka, zinabanana, vigogo vinakaa vibaya, kwa hiyo hesabu toroli ngapi zinajaza kontena tupu mpaka ukingoni, fanya hivyo mara mbili kwa siku tofauti. Kwenye mfano wetu kontena la mita za ujazo 7 linajaa kwa toroli 70. Pili, kuna taka hazipiti kwenye ghuba kabisa, zinatupwa kwenye mtaro au zinachomwa nyuma ya vibanda usiku, na mpango ukianza kufanya kazi zote hizo zinakuja kwako. Zunguka alfajiri uzione na uziongeze. Tatu, ukipima wiki ambayo barabara ya huko zinakotoka ndizi imekatika kwa mvua utapata namba ndogo za uongo, uliza wapakuaji kama hiyo ni wiki ya kawaida.

Nne ndo uzito, na hapa mizani inaingia kidogo. Jaza pipa la lita 200 kwa majani, pima, halafu lijaze nyanya na matikiti yaliyooza, pima. La majani halifiki hata nusu ya uzito wa lile la matikiti. Maana yake siku za matikiti kontena likijaa gari linaweza kushindwa kulinyanyua, dereva anaondoka na kuliacha, na nyie mnabaki mnashangaa wakati kontena mlilipia. Muulizeni mkandarasi mapema gari lake linabeba tani ngapi, na msimu wa matikiti mchore mstari wa rangi ndani ya kontena, mwisho wa kujaza uwe hapo.

Baada ya siku saba unakuwa na kitu kama hiki: siku ya kawaida toroli 140, jumamosi 220. Ukitaka kubeba zote ni kontena 2 kila siku na 4 jumamosi, jumla tripu 16 kwa wiki.

Hatua ya 2: Toa majani kabla hayajachanganyika

Kwenye zile toroli 140, unakuta kama 40, na jumamosi kama 60, ni majani safi ya kabeji, maganda ya mahindi mabichi na majani mabichi ya migomba. Wafugaji wa ng'ombe na mbuzi wanayataka, ila kwa masharti yao: yasiwe yamelala, na yasiwe na kamba wala vipande vya sandarusi. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini viroba na kamba za sandarusi bado zipo tele sokoni, na ng'ombe akimeza hizo zinajikusanya tumboni mpaka anakufa. Mfugaji akikuta kamba mara moja harudi tena, na ana haki.

Kwa hiyo msitenganishe kwenye ghuba, tenganisheni pale mzigo unapomenywa. Kabeji zinamenywa sehemu moja, wekeni pale fremu ya mbao iliyoandikwa MAJANI TU, na mfugaji aje na guta kabla ya saa 4 asubuhi. Asipokuja mpaka saa hiyo yanaenda kwenye kontena, hakuna kumsubiri mpaka jioni. Sipendekezi kuanza na mboji ndani ya soko, inahitaji eneo, maji, mtu wa kugeuza na mteja wa uhakika, na masoko yetu mengi hata pa kupaki guta hakuna.

Sasa mmebaki na toroli 100 siku ya kawaida na 160 jumamosi.

Hatua ya 3: Vituo

Pipa moja kila mwisho wa mstari wa vizimba, nusu pipa la chuma lenye vishikio, watu wawili waweze kulibeba. Makubwa ya matairi ni mazuri kwenye lami, kwenye vumbi na tope yanakwama.

Ghuba liwe karibu na geti, sakafu ya zege, maji yake machafu yaende kwenye shimo lake na si kwenye mtaro wa mvua. Kabla hamjamwaga zege mwite dereva wa gari la kontena aje arudi nyuma kwa gari lake halisi. Angalia na nyaya za umeme juu, maana kontena linanyanyuliwa.

Hatua ya 4: Ratiba

Chukua lile daftari la saa. Karibu kila soko la aina hii utaona taka zinamwagika kwa wingi kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 asubuhi, baada ya fuso kushusha na wachuuzi kuchambua mzigo. Halafu mkataba unasema gari lije saa 1 asubuhi! Saa 1 hakuna gari linaloingia, soko limejaa, dereva anapiga honi robo saa, anageuza, na tripu inaandikwa. Ufagio mkubwa wa kwanza uwe saa 4, gari lije saa 7 mchana, ufagio wa pili saa 11 jioni.

Kwa kontena mbili na toroli 100 kwa siku inakwenda hivi. Jumapili mkandarasi anachukua moja saa 7, usiku zinabaki toroli 30. Jumatatu zinaongezeka 100 zinakuwa 130, kwa hiyo anachukua mbili, moja saa 7 nyingine saa 12 jioni, mnalala safi. Jumanne moja, jumatano mbili, alhamisi moja, ijumaa mbili, jumamosi tatu: saa 4, saa 8 na saa 12. Jumla tripu 12 badala ya 16. Taka zinazolala zinalala usiku mmoja tu, na hilo ndo lengo, kwa joto la Dar mayai ya nzi yanaanguliwa ndani ya siku moja, ukiona funza kwenye kona za kontena ujue kuna taka za siku kadhaa zinabaki chini kila likimwagwa.

Hii yote inategemea kitu kimoja kwenye mkataba: gari likichukua kontena lililojaa liache tupu hapohapo. Kama linaondoka nalo mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi na kurudi kwenye foleni, mna masaa bila kontena na taka zinarudi chini. Dai kontena la tatu la kubadilishia, hata kama mnapunguziwa kitu kingine.

Hatua ya 5: Nani anafanya nini

Mfanyabiashara anafikisha taka zake kwenye pipa la mstari. Kiongozi wa mstari anamkumbusha. Wafagiaji 6 wanatoa pipa mpaka ghuba. Msimamizi mmoja, na awe mmoja kweli, anahesabu toroli na kusaini karatasi ya tripu, baada ya kuchungulia kontena limejaa. Karatasi isiyo na saini yake hailipwi. Bwana afya wa kata anakagua na kutoza faini, hiyo kazi msiwape wafagiaji, watagombana na watu bure.

Hatua ya 6: Hela

Tuseme tripu ni shilingi 90,000. Tripu 12 kwa wiki ni 4,680,000 kwa mwezi (zidisha wiki 52, gawa kwa 12). Wafagiaji 6 kwa 240,000 ni 1,440,000, msimamizi 300,000, gloves, buti, reki na mabeleshi 200,000. Inakuja 6,620,000, ongeza asilimia 10 ya dharura, 7,282,000.

Vizimba 300 kwa shilingi 500 kwa siku 26 ni 3,900,000, lakini panga kwa asilimia 80 ya makusanyo, yaani 3,120,000. Pengo ni zaidi ya milioni 4, na hapa kamati nyingi zinakimbilia kumpandishia mama wa mafungu. Mimi nakataa kabisa. Majani anayaleta mwenye fuso! Fuso 18 kwa siku, kila moja 8,000 getini, kwa mwezi wa siku 30 ni 4,320,000, pengo limezibwa. Kukusanya ni rahisi pia, geti ni moja. Na fuso itakayoleta ndizi zimepangwa kwenye tenga bila majani ilipe nusu, utaona tripu zinavyopungua. Ila ada hii iwe kwenye sheria ndogo za halmashauri na risiti itoke kwenye mashine yao, la sivyo madereva watagoma na watakuwa na haki.

Hatua ya 7: Rudia hesabu

Rudieni siku saba za toroli msimu wa embe ukianza na tena mwanzoni mwa masika. Kabla ya hapo angalieni jumatatu, jumatano na ijumaa usiku. Wiki mbili mfululizo mkikuta zaidi ya toroli 10 zimebaki, ongezeni tripu moja siku ya alhamisi, na mkikuta kontena la pili la jioni halifiki nusu, punguzeni.